Maua ya Kahawa na Hisa za Mabati

Maishani mwangu nimemchukia mtu mmoja tu kwa bidii, na sioni haya kusema. Alikuwa mnunuzi wa kahawa kwetu Kanazi, mwenye pikipiki ya kwanza kijijini, baadaye gari, baadaye kiti cha mbele kanisani. Utajiri wake ulitokana na butura. Asiyejua butura basi ajue: ni kumnunulia mkulima kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mkulima huyo ana shida leo na mavuno yako mbali. Serikali inakataza, na kila mtu anajua nani anafanya.

Mwaka mama alipolazwa hospitali mjini Bukoba, baba alimuuzia mnunuzi huyo maua ya kibanja chote, shamba letu la migomba na kahawa. Mvua ilikuwa njema, matawi yakainama kwa uzito. Siku ya mavuno mnunuzi alikuja na vibarua wake, wakachuma mbele yetu. Baba akamwomba amwachie kahawa kidogo tu, ya kuchemsha na kukausha kwa ajili ya wageni, kwa maana kwetu mgeni akiingia hupewa amwani, punje za kahawa za kutafuna, kabla hata hajaulizwa habari. Nyumba isiyo na kikapu hicho ni nyumba isiyo na adabu. Yule mtu hakugombeza wala hakucheka. Alisema, "Maua nimeyanunua yote," akaendelea kuhesabu magunia.

Mwaka ule wageni walikaa kwetu midomo mitupu, na baba akaanza kujificha migombani akisikia hodi. Mama alipona. Baba hakupona sawasawa. Mchungaji alinishauri nimwachie Mungu, nami nilimwachia, ila nilibaki jirani ili akihitaji msaidizi asihangaike kumtafuta.

Nilisoma, nikafanya kazi benki mjini kwa miaka kadhaa, kisha nikafungua duka la vifaa vya ujenzi Muleba. Mabati niliyouza yalitoka kiwanda kimoja cha nchini ambacho hisa zake ziko sokoni Dar es Salaam. Nilinunua hisa chache kwa udadisi tu, kwa sababu ukiuza bidhaa ya mtu kila siku unatamani kujua anakula nini.

Wakati huohuo yule mnunuzi, sasa mzee mwenye fimbo ya kupendeza, alikuwa ameanzisha kikundi cha kuwekeza. Walimu wastaafu, wajane wenye vibanja, wauza ndizi wakubwa, wote waliweka akiba zao pamoja wakanunua hisa za kiwanda hichohicho. Akiba hiyo ndiyo ilikuwa uzee wao. Mwenyekiti alikuwa yeye, nani tena. Mama yangu mdogo, aliyeishi nasi tangu nikiwa mdogo na kubaki kibanjani kwetu baada ya wazazi wangu kufariki, alijiunga. Nilimuuliza anawezaje kukaa meza moja na mtu yule. Akanijibu kwamba yeye anakaa na wanawake wenzake, na kwamba chuki yangu imekwisha kuwa na ndevu.

Kisha ukaja mgogoro wa biashara.

Jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Mutukula walitangaza kuyatoza mabati yetu ushuru mzito. Hoja yao ilikuwa kwamba chuma chake kinaagizwa kutoka mbali, kwa hiyo hayahesabiki kuwa bidhaa ya jumuiya yetu inayostahili kupita bila ushuru. Malori yakapanga foleni mpakani. Mafundi wa upande wa pili, waliokuwa wakija kununua kwa jumla, wakakata simu. Hapo hasara ya kwanza ilikuwa dhahiri: bati lililotozwa ushuru ni ghali kwa mnunuzi wa kule, na mnunuzi wa kule ana viwanda vya kwao vya kukimbilia. Mauzo ya nje yakishuka, faida hushuka, na mwenye hisa anangoja gawio dogo.

Hilo lingetosha, lakini uvumi una miguu kuliko lori. Zikaja habari kwamba na sisi tutalipiza, kwamba serikali yetu itapandisha ushuru wa chuma kinachoingia, kile cha mabunda makubwa ambacho kiwanda hukikunjua na kukifanya mabati. Hapo sasa watu wakaona gharama zinapanda na soko linafungwa kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa na uhakika, na mwekezaji asiye na uhakika hangoji kuambiwa mara mbili auze. Bei ya hisa ikaanza kuteremka. Soko letu lina kikomo cha kiasi ambacho bei inaweza kushuka kwa siku moja, hivyo haikuanguka kwa kishindo. Ilishuka leo, ikashuka kesho, na kila asubuhi wenye hofu walipata sababu mpya ya kuogopa.

Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta yangu Muleba nikiyatazama mambo mengine. Malipo ya kahawa yalikuwa yametoka na watu walikuwa wanaezeka. Nilikuwa nauza mabati mengi kuliko mwaka uliotangulia, na wenzangu wa Mwanza na Geita walisema hivyohivyo. Aidha, mataifa makubwa yalikuwa yametunishiana misuli kwa ushuru wao wenyewe, na chuma kilichofungiwa milango huko kilikuwa kinatafuta pa kwenda. Bidhaa inayotafuta pa kwenda hushusha bei. Niliwaza: mteja mmoja amefunga mlango, lakini nyumbani kunanunuliwa na huenda malighafi ikawa nafuu. Sikuwa na hakika. Uvumi wa ushuru wetu wa chuma ungekuwa kweli, ningeumia. Lakini niliitazama bei ile nikaona maua mtini.

Jumamosi moja mama mdogo akanipigia simu. Aliniambia kikundi kimekutana, mwenyekiti amepitisha kikapu cha amwani, kisha akawaambia wauze zote Jumatatu, kwa bei yoyote itakayopatikana. Alikuwa amewaeleza kwa mfano wa kazi yake: kahawa ikianza kushuka unaimwaga yote sokoni siku hiyohiyo, kwani ikikaa ghalani inashika unyevu na kesho itashuka zaidi. Wote walimwelewa, maana wote wamelelewa na kahawa. Ila hisa haishiki unyevu. Na katika soko lenye wanunuzi wachache, anayeleta mzigo mkubwa na kusema bei yoyote anaivunja bei yake mwenyewe kwa mikono yake.

"Waitu mwanangu," mama mdogo akauliza, "wewe unauza mabati hayo. Unaonaje?"

Nikasema, "Mwenyekiti wenu ndiye mtaalamu wa bei. Mfuateni."

Jumatatu nilimpigia dalali wa hisa nikaweka oda ya kununua, kwa bei niliyoitaja mimi, ya chini kabisa ambayo soko lingeruhusu siku ile. Siku iliyofuata nikaweka nyingine chini ya hapo. Fedha ya kujaza duka niliipeleka huko yote, hata misumari ikaniishia na wateja wakaanza kuninunia. Sokoni hujui unanunua kwa nani. Mimi nilijua. Hakukuwa na mnunuzi mwingine wa maana wiki ile, na kila jioni dalali aliponiambia nimepata, nilikaa kwenye gunia la saruji nikamwona yule mtu na magunia yake katika kibanja cha baba. Nilifurahi. Nilifurahi kwa namna ambayo ndoa haijanipa.

Miezi ilipita. Uvumi wa ushuru wa chuma ulikufa. Serikali ilipandisha ushuru wa mabati yaliyokwisha tengenezwa ng'ambo, si wa malighafi, na hilo likakipa kiwanda nafasi zaidi hapa nyumbani. Hesabu zake zilipotoka zilionyesha mauzo ya nje yamepungua kweli, lakini chuma kilikuwa kimenunuliwa kwa bei nafuu na mauzo ya ndani yamefidia. Kisha wakubwa wa nchi mbili wakakaa, wakakubaliana juu ya mabati, malori yakavuka Mutukula. Waliokimbia wakarudi wakigombania hisa zilezile, na bei ikapita pale ilipokuwa kabla ya ugomvi.

Mwosha huoshwa. Nilihakikisha mwenyekiti anajua. Kwenye harusi moja Kemondo nilisema kwa sauti, karibu na meza yake, ni nani aliyezinunua hisa za kikundi chake. Nilimwona akiweka chini glasi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, taratibu.

Wiki hiyohiyo alikuja dukani kwangu akiwa na fimbo yake. Nilimpa kiti. Alizungumza kwa heshima, akiniita mama, akaeleza jinsi wanakikundi wanavyomlaani, jinsi wengine wameacha kumsalimia kanisani. Aliomba niwarudishie sehemu tu ya hisa, kwa bei niliyonunulia, wazee wale wasife na kinyongo. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi siku hiyo tangu nikiwa msichana.

"Maua nimeyanunua yote," nikamwambia.

Sijui kama alikumbuka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sijui. Alinitazama kama mtu anayetafuta jina la kijiji alichopita zamani, akainuka, akaaga vizuri. Kwake huenda ilikuwa sentensi ya kazini, aliyoisema katika vibanja vingi.

Jumapili nikapanda kwenda Kanazi, nikiwa na sukari, mchele na kanga mpya, nimwambie mama mdogo kwamba baba amelipiwa. Nilimkuta uani anapukuchua maharage. Nikamsimulia yote, hata sura ya yule mtu alipotoka. Nikamwambia sehemu yake yeye nitamrudishia, hisa kwa hisa, bila kumdai kitu. Alikuwa anasikiliza huku mikono yake inaendelea na kazi.

Akauliza kama nitawarudishia na wenzake. Mwalimu mstaafu mwenye mguu mbaya. Mjane wa jirani, aliyeweka fedha ya kibanja cha mumewe. Nikasema hao walimfuata mwenyekiti wao.

"Mimi nilikuuliza wewe," akasema.

Nikasema habari za baba, kikapu kitupu, wageni. Akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na kikapu kidogo cha amwani, kilekile cha mama, akakiweka mbele yangu kama anavyomwekea mgeni yeyote.

"Tafuna," akasema. "Mnunuzi wa butura hapiti nyumba hii bila kupewa kahawa. Hata yule, baba yako alimpa za mwisho tulizokuwa nazo."

Nikachukua punje moja. Hisa bado ninazo, na zake hakutaka kuzipokea.