Kurasa Nne za Mama Pacha

Asubuhi ile nilikuwa natafuta futi yangu ya kupimia mbao. Nilifungua kabati, nikafunga. Nikainua mto wa kiti.

"Haipo," nikamwambia.

Mama Pacha alikuwa dirishani ameinua glasi ya maji, anaitazama kwenye mwanga, kama alivyozoea kabla ya kunywa chochote. Hakugeuka.

"Umetazama mia?"

Nikarudi kabatini. Ilikuwa pale pale, chini ya kofia. Nikaenda zangu karakana. Jioni yake akalazwa, na nyumbani hakurudi tena.

Sasa natembea humu ndani. Nahamisha kiti, nakirudisha. Watoto wananiambia, baba, keti. Nikiketi mikono haina kazi. Basi nimeona nimwandike yeye, kwa herufi hizi alizonifundisha mwenyewe nikiwa na mvi tayari.

Hiyo "mia" ilitoka kazini kwake. Alikuwa mtu wa maabara. Ukipeleka damu kupima malaria, tone linapakwa kwenye kioo chembamba, wanakiita slaidi, linatiwa rangi, linatazamwa kwa hadubini. Huwezi kutazama mahali pamoja ukasema hakuna kitu. Unasogeza kioo kidogo kidogo, unatazama maeneo mia. Mia yakiisha hujaona mdudu, hapo ndipo unaandika hakuna. Nyumbani kwetu mtu hakuwahi kusema "sioni" akaachwa hivi hivi.

Kazi hiyo aliiacha alipozaa. Kwanza binti, kisha wale pacha, na pacha mmoja alikuwa wa kuugua ugua. Tulisema ni mwaka mmoja. Ikawa tisa.

Siku pacha walipoanza shule alirudi kutoka kuwapeleka akaosha vyombo. Akaviosha tena. Nilikuwa mlangoni nachonga mpini, namwona.

"Baba Pacha," akasema, "nataka kurudi kazini."

Dada yangu alikuwapo, kaja kutusalimu. Yeye ndiye alijibu, mimi nikiwa bado namung'unya maneno.

"Wifi yangu, mume unaye, nyumba unayo. Unarudi kutafuta nini huko, miwani?"

"Natafuta kazi yangu, wifi. Niliiweka chini, sikuitupa."

"Tangu uiweke, si imeota majani?"

"Ndiyo maana nataka kwenda kupalilia."

Walicheka wote wawili. Lakini jioni Mama Pacha hakulala mapema, na mimi nilimwona ametoa cheti chake chini ya sanduku, anakifuta kwa kanga, anakirudisha, anakitoa.

Majani yalikuwapo kweli. Leseni yake ilikuwa imekwisha muda zamani. Baraza la taaluma yao likamwambia: kwanza hudhuria mafunzo, kisha fanya kazi miezi sita chini ya msimamizi, ndipo tuirudishe. Akapata zahanati iliyokubali kumpokea asubuhi, bila malipo. Msimamizi wake alikuwa mzee mmoja mkimya, wote wakimwita Babu Slaidi.

Wiki ya kwanza alirudi nyumbani uso umemshuka.

"Mkono umesahau," akaniambia. "Jicho nalo limesahau. Leo nimeona chembe za rangi iliyoganda nikaandika ni vimelea. Mtu hana malaria, mimi nampa."

"Na Babu kasemaje?"

"Kasema andika."

Ndivyo lilivyoanza lile daftari. Kila slaidi aliandika namba yake na jibu lake. Babu Slaidi naye akatazama kivyake, bila kuona jibu la Mama Pacha, akaandika la kwake pembeni. Majibu yakipishana, Mama Pacha alichukua kalamu nyekundu akaeleza alipokosea na kwa nini. Mwisho wa ukurasa Babu anatia sahihi. Mchana alijifunza vitu ambavyo havikuwapo alipoondoka: vipimo vya haraka, vile vya tone moja na kusubiri dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, na kuingiza majibu kwenye kompyuta. Usiku alisoma, mimi nikilaza watoto. Nilijifunza kusuka nywele za binti. Vibaya, lakini nilisuka.

Miezi sita ikaisha, leseni ikarudi. Hospitali kubwa ikatangaza nafasi moja ya maabara. Akapeleka barua na wasifu. Akaitwa kwenye usaili.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Siku moja kabla, daftari lilikuwa mezani. Kusoma sikujua, ila namba nazijua, fundi hawezi bila namba. Nikafunua. Kurasa za mwanzo zilijaa wekundu. Mimi wekundu naujua kutoka madaftari ya watoto: wekundu ni kufeli. Nikasema moyoni, huyu mwanamke kakaa nje miaka tisa, na sasa anawapelekea wakubwa ushahidi wa kumkataa. Nikachukua wembe wa karakana. Nikakata karatasi mbili zilizozidi wekundu, karibu kabisa na uzi, nikatia gundi ya mbao uzi usilegee. Nilikata vizuri sana. Kazi ile hata leo naweza kujisifu, na ndiyo aibu yenyewe.

Kuzitupa sikuweza. Ni mwandiko wake. Nikazikunja nikaziweka mfuko wa koti.

Asubuhi nikamsindikiza. Njiani nikamwambia, "Wakiuliza hiyo miaka, sema ulikuwa unaumwa."

"Nilikuwa naumwa?"

"Au sema ulikuwa na biashara."

"Biashara gani, Baba Pacha? Ya kuuza makamasi?"

Nikaongeza hatua. Yeye naye alikuwa anatembea mbio kama anafukuzwa, mkoba anauhamisha bega hili, bega lile. Niliutaka nimbebee, akakataa.

Yaliyotokea ndani alinisimulia mwenyewe, mara nyingi, na hakuwahi kubadilisha neno.

Walikuwa wawili. Afisa utumishi, mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni, na mkuu wa maabara, mama mtu mzima asiyecheka ovyo. Afisa ndiye alianza.

"Hapa naona miaka tisa. Umeandika: nyumbani, kulea watoto watatu. Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Wengine huwa wanapamba kidogo. Msimamizi wa hili, mratibu wa lile."

"Nililea watoto, mheshimiwa. Siombi ihesabiwe kazi ya maabara. Nimeiandika wazi ili msihangaike kuitafuta."

"Sasa tuhesabu nini?"

"Miaka minne ya kazi kabla, na miezi sita hii ya mwisho. Hii ya mwisho imo humu." Akawapa daftari.

Mkuu wa maabara akalifungua. Akasoma ukurasa wa kwanza polepole. Wa pili. Akafunua. Akarudi. Akafunua tena.

"Kutoka wa pili unaingia wa saba," akasema. "Wa tatu hadi wa sita ziko wapi?"

Mama Pacha akaliomba daftari. Akapitisha kidole penye uzi. Akakuta mkato, umenyooka kama rula. Akakuta gundi.

"Rekodi ya maabara haikatwi," mkuu akasema. "Ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika upya pembeni, unatia sahihi. Hili unalijua?"

"Nalijua."

"Basi?"

"Naomba dakika tano."

"Za nini?"

"Fundi aliyekata yuko nje."

Mimi nilikuwa kwenye benchi la korido. Kukaa sikukaa. Nilikuwa nimeshakagua bawaba za milango yote ya upande ule. Miwili ilikuwa inalia. Nikamwona anakuja. Hakuwa na haraka tena, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Zilete."

"Zipi?"

"Baba Pacha."

Nikatoa. Zilikuwa na vumbi la mbao. Akazipangusa kwenye sketi.

"Nilitaka kukusaidia," nikasema.

"Najua. Ungekuwa mtu baki ningekupeleka polisi."

Akaingia.

Aliziweka mezani mbele ya mkuu, akasema: mume wangu ni seremala, hajasoma, aliona wekundu akadhani ni wa mwalimu. Sikujua mpaka sasa hivi. Lakini daftari ni langu, nililiacha mezani wazi, kwa hiyo jibu ni langu. Makosa yangu ndiyo haya, kumi na manne.

Afisa utumishi akafunika mdomo na karatasi. Mkuu hakucheka. Alizisoma zote nne. Alikuta pale chembe za rangi zilizodhaniwa vimelea. Alikuta slaidi moja yenye vimelea vichache sana ambayo Mama Pacha aliandika hakuna, na pembeni, kwa wekundu: "Nilisimama eneo la sitini. Nilichoka. Mtoto huyu angeondoka bila dawa." Kisha akafunua kurasa zilizofuata, akatazama wekundu ukipungua, mwezi hadi mwezi, mpaka kurasa za mwisho ambako kulikuwa na alama moja tu.

Akasema, "Sahihi za msimamizi nitazihakiki kwa simu."

"Ni sawa."

"Kesho saa mbili uje usome slaidi kumi. Majibu yake ninayo mimi."

Alipokuwa anatoka, mkuu akamwambia jambo ambalo Mama Pacha alilitunza kuliko cheti. Alisema, "Kazi hii neno zito ni 'hakuna'. Anayenionyesha alipokosea, naweza kumwamini akiniambia hakuna."

Kesho yake alisoma zile kumi. Tisa alipatia. Moja hakuijibu, aliandika kwamba imepakwa vibaya, damu ichukuliwe upya. Mkuu akasema ndivyo alivyotaka. Lakini hayo tuliyajua baadaye. Barua ilichukua wiki tatu, na katika wiki hizo mimi nilipiga randa ubao mmoja mpaka ukawa hauna kazi, na yeye alisafisha dirisha lile lile kila asubuhi. Pacha waliulizana kama mama ameudhiwa na kioo.

Walimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Akakaa miaka kumi na tisa. Wengine waliorudi kutoka kulea aliwafundisha yeye, na kila mmoja alimpa daftari na kalamu nyekundu. Zile karatasi mbili alizibandika mahali pake, na mkato unaonekana. Daftari ninalo hapa. Siku hizi nalisoma mwenyewe. Namba nilizijua zamani. Sasa najua na maneno niliyoyakata.

Ila nataka kumalizia siku ile, tulipotoka hospitalini, kabla hatujajua lolote. Tulitembea mpaka karibu na nyumbani. Nilitaka kuomba radhi. Nikasimama, yeye akasimama. Akautoa mkoba begani, akanitundikia shingoni kama mtoto wa shule.

"Makosa yangu usinibebee, Baba Pacha, nimeyatolea jasho," akasema. "Ukitaka kunibebea kitu, nibebee mkoba."