Mlango wa Mwezi wa Tatu

Dada yangu ana mkono mzito wa kusuka na mdomo mwepesi wa kusema, na wateja wanamvumilia yote mawili kwa sababu msuko wake haufumuki. Saluni ni yake. Mimi mdogo wake ni wa kuosha na kukausha, miaka nenda miaka rudi. Tunagombana asubuhi, mchana tunakula sahani moja.

Mumewe ni seremala. Shemeji yangu ni mpole mpaka anaudhi, mtu ambaye ukimtukana anakuuliza kama umekula. Basi mtu huyo ndiye aliyeanza kusahau. Kwanza jina la mteja, kisha njia ya kwenda kwa fundi mwenzake, kisha siku moja akaniuliza mimi, shemeji yake wa miaka yote hiyo, kama nimekuja kusuka. Nilicheka. Aliporudia swali, nikaacha kucheka.

Binti yangu ndiye aliyemfundisha dada kuiuliza ile programu ya akili bandia kwenye simu. Dada aliizungumzisha mpaka ikachanganyikiwa: dawa za mumewe, bei ya rasta, mafuta ya kutibu mba, vyote ndani ya mazungumzo yaleyale. Binti akamwambia, "Mama mkubwa, hivi hufiki. Andika historia ya ugonjwa mahali pamoja, kila kitu na tarehe yake: dalili gani, lini, dawa gani imeanza, ipi imeachwa, kipimo gani. Ukitaka kuuliza, fungua mazungumzo mapya, ibandike yote juu, ndiyo uulize. Haya mapya hayajui chochote cha yale ya zamani."

"Kwa hiyo kila siku ni mgeni?"

"Kwenye simu yako ndivyo ilivyo."

Dada akaipa jina palepale: Msahaulifu. Akasema sasa ana wasahaulifu wawili, mmoja mfukoni na mmoja kitandani. Wateja walicheka. Mimi nilimwona akigeuka kutafuta kitana ambacho alikuwa amekishika.

Lakini kazi aliifanya, na aliifanya vizuri. Mwezi wa tatu: ametengeneza mlango wa mteja, bawaba ameziweka upande usio wake. Mwezi wa tano: anaenda chooni mara nyingi, usiku halali. Mwezi wa sita: ameanza vidonge vya kibofu, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mwezi wa saba: amepotea njia. Kabla ya kwenda kliniki alibandika yote, akaomba maswali ya kumuuliza daktari, akayaandika kwenye karatasi. Mbele ya daktari alikuwa habahatishi tena, na zamani alikuwa akitoka kule anakumbuka la maana yuko nje getini.

Siku moja mikono yake ilikuwa imejaa mafuta ya nywele, akaniomba nimbandikie mimi. Nikabandika, nikabonyeza. Jibu likaja kwamba baadhi ya dawa za kibofu zinaweza kuwatia wazee ukungu wa kumbukumbu, na kwa kuwa usahaulifu ulianza baada ya vidonge, amuulize daktari kama kuna haja ya kuvibadilisha, asimwachishe mwenyewe. Nilifurahi, nikamsomea kwa sauti. Dada hakuonyesha kushangaa hata kidogo. Ndipo nikarudi juu kusoma nilichobandika. Mlango ulikuwa umehamia mwezi wa nane.

"Dada, mlango ulikuwa mwezi wa tatu. Mteja alikuja kulalamika hapahapa, nikamkalisha kwenye kiti hiki."

"Labda."

"Hakuna labda. Na ukiweka mwezi wa tatu, inajibu nini?"

Akamaliza msuko mmoja kwanza. "Inasema dalili ilitangulia dawa. Vidonge vinaweza kuzidisha, lakini havielezi mwanzo. Inasema niombe apimwe kumbukumbu, na damu, na picha ya kichwa." Akavuta nywele za mteja, maskini akaguna. "Nikihamisha mlango, inaniambia huenda ni dawa. Dawa inaachwa, mdogo wangu. Dawa ikiachwa, mtu anarudi."

Nilikasirika, na hasira yangu huwa haijui mteja wala mgeni. Nilimwambia dada kwamba Msahaulifu anaambiwa uongo na anaamini kwa sababu hana pengine pa kujua, anapika anacholetewa. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema, "Simdanganyi mtu. Naongea na simu." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nataka tu kulisoma lile jibu zuri. Kila nikifungua upya linakuwa jipya." Hapo hasira ikanipungua, maana mimi nami nilikuwa nimefurahi. Aliniahidi kwamba kwa daktari atapeleka tarehe za kweli.

Kliniki tulikwenda watatu. Shemeji alivaa shati lake la kutokea, kola ameipiga pasi mwenyewe. Daktari wa siku hiyo, mwanamke tusiyemjua, mwenye haraka ya watu waliojaa nje, aliipokea karatasi ya historia, akaisoma mara mbili, akamsifu dada kwa kuiandaa. Dada alitazama chini. Nikaelewa ni tarehe zipi alizoleta.

"Naona hapa kabla ya vidonge hakukuwa na shida ya kusahau," daktari alisema. "Kama ni hivyo, tuvisimamishe, mrudi baada ya miezi miwili tuone. Vipimo vingine vinaweza kusubiri. Ni sahihi, mama? Yote yalianza baada ya vidonge?"

Dada alifungua mdomo. Nilijiandaa kumkatiza, kliniki au si kliniki.

"Hapana, daktari," shemeji akasema.

Sote tukamgeukia. Alikuwa akiutazama mlango wa chumba kile, akizitazama bawaba.

"Kuna mlango niliufunga kinyume. Kabla ya vidonge, kabla hata ya hili la chooni. Mteja alipoulalamikia niliung'oa, nikasema ni mbao mbovu. Mbao ilikuwa nzuri." Akakisugua kidole gumba chake, kile chenye kovu la patasi. "Na kabla ya huo kulikuwa na meza. Hiyo mama watoto haijui. Nilikaa mbele yake asubuhi nzima sijui mguu unaingia wapi. Nikaipasua, nikaichoma."

"Kwa nini hukuniambia?" dada akauliza.

"Ungeandika."

Daktari aliiweka karatasi chini. Alisema vidonge atavisimamisha hata hivyo kwa sababu havimsaidii kichwa chake, lakini hatasubiri miezi miwili. Akaandika vipimo vya damu, picha ya kichwa, na siku ya kupimwa kumbukumbu. Dada akamuuliza kama atarudi alivyokuwa. Daktari alisema kuna sababu zinazotibika na lazima azitafute kwanza, ila hawezi kumwahidi. Alilisema polepole, bila ile haraka yake, na hapo ndipo dada alipolia.

Tulikaa kwenye benchi la maabara kusubiri kuitwa. Dada alitoa simu, akarudisha mlango mwezi wa tatu. Juu yake akaongeza meza, akamuuliza mumewe ni mwezi gani. Shemeji alifikiri sana.

"Meza gani?" akasema.

Dada alimfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akarudi kwenye simu, chini kabisa, akaandika tarehe ya leo na maneno haya: alikumbuka mwenyewe, akasema ukweli.