Sakafu ya Dada

Fundi Helikopta, mwana wa mpasua mawe, mjukuu wa mchimba visima, ndiye aliyelaza sakafu ya hospitali, ya soko, na ya lile ghala ambamo punje ikianguka unaiokota safi. Jina alilipata kwa mashine yake ya mapanga yanayozunguka, inayosugua zege mpaka ling'ae.

Sifa yake ilikuwa kungoja. Zege likimwagwa hupandisha maji juu. Aliyaacha yakauke yenyewe, kisha akalikanyaga. Kiatu kikiacha alama ndogo tu, ndipo akawasha mashine. Matajiri walimfokea, naye akaendelea kungoja juu ya ndoo yake.

Siku moja tu hakungoja, na sakafu ya siku hiyo ilikuwa ya dada yake wa tumbo moja, mshona magauni ya maarusi. Kulikuwa na mawingu, maji hayakauki, na mwenye duka kubwa alikuwa akimsubiri aje na mashine yake jioni ile ile.

“Kaka, mbona bado panametameta maji?”

“Wewe shona. Zege niachie mimi.”

“Haya, bingwa. Hata uji huachwa upoe.”

Fundi akanyunyiza saruji kavu iyanywe maji, akapitisha mashine juu yake. Pakang'aa kama sinia. Kesho yake akarudi na msumeno, akakata mistari iliyonyooka, kina chake robo ya unene wa zege, ili likisinyaa lipasuke humo ndani pasipoonekana. Na kweli, hakuna ufa uliotokea kwingine. Alijisifu kwa mistari hiyo miaka na miaka.

Kumbe maji yale yaliiacha ngozi ya juu dhaifu. Dada alifagia asubuhi, alifagia jioni, unga wa kijivu haukwisha. Gauni moja lilirudishwa pindo limechafuka, akaja mteja wa pili na lake. Akaacha nguo nyeupe, akashona suruali za kaki na makoti meusi. Kaka alipouliza, alijibiwa, “Nyeupe inaniumiza macho.” Akaamini.

Juzi fundi alikwenda kwa dada kupunguziwa suruali. Kifungo kikaanguka, akapiga magoti kukiokota, akainuka na magoti ya kijivu. Akafuta sakafu kwa kiganja. Akakitazama kiganja.

“Tangu lini?”

“Tangu ulipoondoka na mashine yako.”

“Na hukuniambia!”

“Mtaa mzima unakuita bingwa, kaka. Mimi nikuite nani?”

Sasa macho ya dada yameingia ukungu kweli. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe hauoni tena.

Jioni ya siku hiyo fundi alimwita bintiye, aliyerithi kazi, akamkabidhi funguo za stoo. Magoti yake mwenyewe hayamtii tena.

“Chukua mashine ya kusaga, nenda kwa shangazi yako. Iondoe ile ngozi yote mpaka ukute zege gumu na mawe yaonekane. Ipake sakafu dawa ya kuikaza, iache inywe, ndipo uing'arishe. Mistari isafishe, usiizibe kwa saruji.”

“Na akinihimiza nimalize?”

“Hatakuhimiza. Hakunihimiza hata mimi. Ukimaliza, pangusa sakafu kwa kitambaa cheupe, umpe mkononi. Akisema hakioni, mwambie akinuse kama kina vumbi.”