Nilidhani Ni Saumu

Shoga yangu alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Alishona magauni na mitandio kwenye chumba kimoja cha mtaa wetu wa Nyamirambo, na mteja aliyeingia kupunguziwa kiuno cha gauni alitoka anajua habari za mtaa mzima. Tulikua pamoja. Babu zetu wote wawili walifuata biashara huku bara kutoka pwani, wakaoa, wakabaki, na sisi wajukuu tukarithi Kiswahili cha nyumbani ambacho Watanzania wakikisikia hutucheka. Yeye akawa mshonaji. Mimi nikawa muuguzi kwenye kituo cha afya, dakika kumi kwa miguu kutoka kwenye cherehani yake. Mpaka leo mtaani wanasema mimi ndiye niliyeutambua ugonjwa wake. Ni kweli, niliutambua, ila nilichelewa siku moja.

Kituoni kwetu hakuna daktari. Sisi wauguzi ndio tunaopima, ndio tunaoandika dawa, na mgonjwa akituzidi tunamjazia karatasi ya kwenda hospitali ya wilaya. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi na nilikuwa najiona hodari. Koo likinijia, nilikuwa nalijua kabla mgonjwa hajakaa kwenye kiti.

Alikuja mara ya kwanza siku ya Jumatatu, katikati ya Ramadhani. Koo lilimuuma, homa ilikuwepo, mwili wote mzito. Nikamwambia apanue kinywa, akapanua mpaka nikamtania kwamba naona chakula cha daku. Mafindofindo yalikuwa yamevimba, mekundu, yana madoa meupe, kulia na kushoto sawasawa. Ni mafindofindo ya kawaida, tunayaona kila siku. Nikampa amoksisilini, nikampangia ameze wakati wa daku na wakati wa futari. Nikamkumbusha kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula, atafunga siku nyingine.

“Nifunge peke yangu kisha Idi, nyinyi muko mnakula mbele yangu?” akasema. “Hapana weye. Nitameza dawa usiku.”

Jumatatu ile sikukosea. Nimeirudia kichwani mara nyingi, na kila mara naikuta iko sawa.

Alhamisi alasiri akarudi. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, watoto wanalia, na mimi nina njaa na kichwa kinanigonga. Akaingia amejifunika mtandio mpaka puani, akakaa, hakusema neno. Mwanamke ambaye hunyamaza tu akiwa amebana pini midomoni! Mkononi alikuwa na kitambaa, na kila baada ya muda mfupi alikipeleka mdomoni akatema mate.

Sasa, huku kwetu wako watu ambao wakifunga hawamezi mate. Wamefundishwa si lazima, lakini wanaona bora wawe na hakika. Mama yangu mdogo alikuwa hivyo, alitembea na kopo Ramadhani nzima. Nilipomwona shoga yangu anatema, nikacheka.

“Leo umekuwa shehe,” nikamwambia. “Hata mate humezi.”

Akatikisa kichwa. Akagusa shingo upande wa kushoto, chini ya taya, akapandisha kidole mpaka sikioni. “Iko uchungu huku tu,” akasema, kwa sauti nzito, ya chini. “Upande moja.”

Nikachukua kijiti cha kukandamizia ulimi, nikamwambia afungue. Akafungua kidogo sana, nafasi ambayo hata kidole kimoja kingepita kwa shida, akakunja uso, akafumba. Harufu kali ikanifikia. Akaona aibu, akarudisha mtandio puani. Na mimi nikamwonea huruma kwa aibu yake! Harufu ya kinywa cha aliyefunga, kwetu sisi si kitu cha kumfedhehesha mtu. Nikaweka kijiti chini.

“Basi, usihangaike,” nikasema. “Dawa bado inafanya kazi. Maliza dozi. Vumilia mpaka magharibi, unywe uji wa vuguvugu, utaona nafuu.”

Akanitazama kidogo, kama mtu anayetaka kuongeza neno. Kisha akakunja kitambaa chake, akaondoka. Nikaita mgonjwa mwingine.

Naomba msomaji anielewe. Sikukosa kuziona dalili, niliziona zote. Maumivu ya upande mmoja yanayopanda sikioni. Taya lisilofunguka. Mate yasiyomezeka. Sauti iliyobadilika, na harufu. Mtu aliyekunywa dawa siku tatu akazidiwa badala ya kupata nafuu. Moja tu kati ya hizo kwa mtu nisiyemjua ingenifanya nisimamishe foleni nzima. Kwake yeye nilikuwa na jibu tayari kwa kila moja: anatema kwa sababu amefunga, hafungui kinywa kwa sababu ya aibu, hasemi kwa sababu ni mwezi wa kuchunga ulimi. Kumjua sana ndiko kulikoniponza. Angekuwa Mkristo nisiyemjua, kutoka mtaa wa maofisi wa Kacyiru, aliyevaa tai, angepona.

Kesho yake, Ijumaa, nilikwenda kufuturu kwa mama yake, ambako shoga yangu alikuwa amelala tangu jana usiku. Adhana ikalia. Mama akampa tende. Akaisukuma kati ya meno kwa kidole, ikakwama, akaitoa. Akajaribu maji, na maji yakamtokea puani. Akaanza kulia bila sauti, mate yanamchuruzika upande wa mdomo, na hapo hapakuwa na saumu tena ya kusingizia, kwa sababu jua lilikuwa limezama.

“Sema kitu,” nikamwambia.

Akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nikawasha tochi ya simu, nikamshika kidevu, nikamwambia afungue hata kama inauma. Nilipata upenyo mdogo tu, ukatosha. Kaakaa la kushoto lilikuwa limetuna, jekundu, linang'aa. Na kimeo, kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo, kilikuwa kimesukumwa kulia, kimeelekea upande usiovimba.

Mafindofindo ya kawaida hayasukumi kimeo. Yanauma kulia na kushoto, na mgonjwa hata akilia anafungua kinywa. Hili lilikuwa jipu. Usaha ulikuwa umejikusanya nyuma ya findo la kushoto, na misuli ya taya iliyo jirani ilikuwa imekaza kwa maumivu. Kidonge hakitoi usaha wa namna hiyo. Lazima jipu litobolewe, na dawa ipite kwenye mshipa.

“Mama, tunaenda hospitali sasa hivi,” nikasema. Tukaacha uji unapoa.

Hospitali ya wilaya walimwekea maji na dawa kwenye mshipa, wakatupakia kwenye ambulensi kwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Yule alikuwa kijana mpole. Akampulizia dawa ya ganzi, akaingiza sindano ndefu mahali palipotuna, akavuta. Bomba likajaa usaha wa kijani. Shoga yangu akashusha pumzi ndefu. Baada ya muda akafungua kinywa zaidi kidogo, akameza mate yake mwenyewe mbele yetu, akameza tena kwa makusudi, kama mtoto anayejionyesha. Mama akapiga magoti palepale sakafuni akasujudu.

“Komera, jikaze,” nikamwambia mgonjwa wangu. Akanibana kidole. Kisha, kwa ile sauti yake iliyoanza kurudi, akasema, “Na weye ulisema mi ni shehe.” Nikacheka naye. Namshukuru Mungu kwa kicheko kile, na ndicho kinachoniliza kuliko vyote.

Siku mbili alikuwa anaendelea vizuri. Siku ya tatu homa ikapanda, shingo ikavimba na kuwa ngumu, akaanza kusema kifua kinauma akivuta pumzi. Wakampiga picha. Uchafu ulikuwa umeshuka kwa ndani, kupitia shingoni, ukafika kifuani karibu na moyo. Walimpasua, wakampitishia mirija, wakamlaza kwenye mashine ya kupumulia. Alidumu siku nne. Akafa siku mbili kabla ya Idi, akiacha chumbani kwake nguo za wateja zilizokatwa ambazo hakuna aliyejua za nani ni zipi.

Nilimfuata yule daktari kwenye korido. Nikamwuliza kama Alhamisi ingekuwa tofauti na Ijumaa. “Wengi wakitobolewa wanarudi nyumbani,” akasema. “Kushuka kifuani ni nadra. Pengine siku moja ingetosha. Pengine Alhamisi usaha ulikuwa umeshaanza kushuka. Siwezi kukudanganya.” Nilitamani anidanganye, upande wowote ule.

Kwenye msiba walinipa kiti cha mbele. Jirani mmoja aliwasimulia wageni jinsi nilivyomulika na simu na kuujua ugonjwa papo hapo. “Mwihangane,” wakasema, yaani poleni, wakinishika mikono, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa zaidi, na mama yake akanikumbatia mbele ya wote akaniita mwanangu. Nilikaa nikapokea. Sijawahi kujichukia kama saa zile.

Kisha wakaniita kumwosha. Tulikuwa wanawake watatu na pazia, na mama akiwa mmoja wetu, kwa sababu alikataa kuambiwa apumzike. Kinywa cha shoga yangu kilikuwa hakifungi vizuri. Mpira wa mashine ulikuwa umekaa humo siku nyingi, na kitambaa walichomfunga hospitali kilikuwa kimelegea. Mama akaniambia nimshike kidevu wakati anamimina. Nikamshika. Kilikuwa chepesi. Hakikukataa, hakikumuuma tena. Nikatazama meno yake madogo niliyoyajua tangu utoto, na maneno yakanitoka bila kuyapanga.

“Mama, alikuja kwangu Alhamisi. Hakuweza kufungua kinywa. Nikadhani ni saumu. Sikumtazama koo.”

Yule mwanamke wa tatu akaacha kusugua. Mama hakuinua uso. Maji yaliendelea kutiririka kutoka kwenye kopo lake, begani, mkononi, mpaka kopo likaisha.

“Ulimwambia nini?” akauliza.

“Avumilie mpaka magharibi.”

Akamfuta mwanawe maji kwenye nyusi kwa kidole gumba.

“Usiku ule wa Alhamisi mimi nilimwambia twende hospitali,” akasema. “Alikataa. Alisema weye umeshamwona.”

Akachota maji mengine, akaendelea kumwosha.