Jibu la Afisa Ajira

Ujumbe wa kunikatalia kazi ya uuguzi ulinikuta nyumbani Nyakahanga, naanika kahawa na mama. Nilimeza machungu, nikamwandikia afisa ajira: “Asante kwa kunijulisha na kwa nafasi ya usaili. Ukipata muda, naomba unieleze nirekebishe nini.”

Alijibu kesho yake: “Kwenye usaili ulifanya vizuri. Ila mdhamini wako tulimpigia mara tatu na kumwandikia, hakujibu. Wakati mwingine hakikisha anapatikana.”

Mdhamini huyo ni dada muuguzi aliyenisimamia nilipojitolea kwenye zahanati. Wiki moja kabla ya kukataliwa aliniambia, “Wamenipigia, mdogo wangu. Nimekusifia mpaka basi.”

Nilimshukuru afisa, nikafuta jina la dada kwenye wasifu wangu. Mama akauliza yule dada atakuja lini tena kutusalimia. Nikaenda kugeuza kahawa.