Karatasi ya Mbegu za Kabichi

Wakati wa Wadachi, wanawake waliojua kusoma na kuandika upande wetu wa Ziwa Nyasa walikuwa wachache, nami nilikuwa mmoja wao na sikumficha mtu. Ndiyo maana mzee mwenye duka pale ufukweni aliniita nimwandikie karatasi za mbegu za kabichi zilizotoka Ulaya. Maelezo ya Kizungu yaliyokuja na mbegu niliyatafsiri neno kwa neno: panda mwezi wa nne. Nikanakili karatasi moja kwa kila pakiti, nikajisifu.

Mwezi wa nne kwetu mvua haina adabu. Mama yangu asingesia mboga wakati huo hata kwa kulazimishwa. Mimi nilijua, lakini kilichopigwa chapa nilikiamini kuliko matope ya nyumbani kwetu.

Mbegu zikaoza. Mama mmoja wa kijiji cha Njisi akazitupa pakiti tupu kwenye meza ya duka. "Ugonile, baba," alimsalimu mzee, kisha akasema, "Umeniuzia vumbi."

Aibu ilinichoma, maana kosa lilikuwa langu.

"Mwanangu, hizi zilizobaki nazimwaga ziwani," mzee aliniambia. "Mbegu siuzi tena."

"Nipe siku tano, baba."

Nilihesabu mbegu kumi, nikazikunja katika kitambaa kibichi. Siku ya tano tisa zilikuwa zimechipua. Mbegu zilikuwa hai. Karatasi yangu ndiyo iliyokuwa mbovu. Nikaketi kuandika upya, safari hii kwa kichwa changu mwenyewe:

"Mto ukirudi mahali pake baada ya mvua kubwa, inua tuta. Sia kwa mistari, fukia kina cha ukucha, funika kwa majani ya migomba. Zikichipua, funua. Miche ikiwa na majani manne au matano, ihamishe jioni, kati ya mche na mche mkono mmoja kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Mwagilia."

Juu ya pakiti nikaandika: "Kabichi hii si kubwa kama ya pichani, ila itajaza chungu chako. Ukifuata maneno haya isiote, rudisha pakiti, upewe nyingine."

Mzee alikuna kichwa. "Unawaambia si kubwa? Hivyo ndivyo unavyouza?"

"Ndivyo watakavyorudi."

Kwa kuwa wanunuzi wengi hawakusoma, kila pakiti niliisoma kwa sauti mara tatu kabla haijaondoka mezani. Yule mama wa Njisi alipewa yake bure. Alisikiliza amenuna.

Miezi ilipita, na hakuna pakiti iliyorudi. Siku moja yule mama akaja, kabichi kichwani, nyuma yake majirani wanne wanaotaka mbegu. Nilifungua karatasi niwasomee.

"Acha, ninaijua," alisema, akaanza kwenye mto kurudi mahali pake, akateremka mpaka kumwagilia. Nilifuatilia kwa kidole mstari kwa mstari, na hakuacha hata neno moja. Mzee alinitazama, kisha akawaambia wale majirani, "Maneno hayo ni ya huyu binti."

Niliikunja ile karatasi. Hawakuihitaji.