Jedwali la Kata Iliyolala Ng'ambo

Ofisini walimwita Desimali, naye aliitika. Dereva wa ofisi ndiye aliyembandika jina hilo, kwa madai kwamba mtu yule hata chumvi huitia kwenye mboga kwa sehemu za mia. Alikuwa mtakwimu katika ofisi ya takwimu ya mkoa, mwanamume mrefu, mkimya, aliyebakiza miaka michache kustaafu. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kimepakana na choo ambacho bomba lake halikukoma kudondosha maji, na dirisha lake lilitazamana na tofali tupu za jengo la idara ya ardhi. Majuzuu ya sensa yalijaa kabatini, yamevimba kwa unyevu hata mlango haufungi.

Barua ilimfikia kutoka masjala ikiwa ndani ya jalada, imeshagongwa muhuri wa kupokelewa. Pembeni meneja alikuwa ameandika: "Tafadhali mpatie." Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, herufi zimesimama wima kama watoto mstarini, na nyuma yake kulikuwa na barua ya mkuu wa shule ya kumtambulisha mwandishi.

"Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu," iliandikwa. "Katika somo la jiografia nafanya mradi kuhusu mabadiliko ya idadi ya watu katika kata yetu. Kwenye tovuti yenu nimepata takwimu zinazoishia ngazi ya wilaya. Naomba majedwali ya kata, kwa jinsi na umri, ya sensa mbili zilizopita. Tumesikia shule yetu inataka kufungwa kwa kukosa wanafunzi. Nataka kuonyesha kwamba watoto tunao wa kutosha."

Desimali alisoma jina la kata, akavua miwani. Kisha alitoa juzuu la kata kabatini, ingawa hakulihitaji. Alijua litasema nini.

Katika sensa ya mwisho yeye ndiye aliyekuwa msimamizi upande ule. Siku chache kabla ya kuhesabu, mto ulivunja kingo. Nusu nzima ya kata, ile ya bondeni, ikavushwa na kuwekwa katika ghala na madarasa ya ng'ambo, yaani kata jirani. Karani mmoja, kijana mwenye viatu vilivyojaa matope, alimfuata na dodoso mkononi.

"Mzee, hawa tuwaandike wapi? Kwao ni kule, lakini wako huku."

"Waandike huku," Desimali alimjibu. "Mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa."

Ndivyo mwongozo ulivyosema, na ndivyo ilivyofanyika. Basi kwenye juzuu, kata ya binti aliyeandika barua ilikuwa na watu zaidi ya elfu sita katika sensa ya kwanza, na elfu tatu na ushee katika ya pili. Safu ya umri wa miaka kumi hadi kumi na minne, na ile inayofuata, zilikuwa zimenywea kama kiroba kilichotobolewa. Kata ya ng'ambo ilikuwa imenenepa.

Alikwenda kwa meneja, mama aliyekuwa mdogo kwake kwa umri na mkubwa kwake kwa cheo, na aliyemheshimu.

"Nikimpa hili jedwali hivi lilivyo, litasema uongo," alimwambia.

"Kuna kosa?"

"Hapana. Kila namba ni sahihi."

Desimali akamweleza habari ya mafuriko.

"Hatuwezi kuwarudisha watu kwa kalamu, kaka yangu," meneja alisema. "Jedwali likitoka hapa linatoka kama lilivyochapishwa. Ukilitia mkono wewe leo, kesho diwani atataka nalo la kwake litiwe mkono."

"Lile ghala walikolazwa lilihesabiwa kama eneo linalojitegemea. Makao makuu wakikubali kulitoa peke yake, tutajua waliolala pale ni wangapi."

"Waandikie. Mimi nitasaini."

Aliandika, na makao makuu hawakukaa kimya. Pengine wangekaa kimya ingekuwa heri. Walijibu kwa adabu kwamba takwimu za chini ya kata hazitolewi kwa matumizi hayo, ili kulinda siri za kaya. Tena, waliongeza, hata zingetolewa zisingesaidia. Ghala lile lililaza waliohamishwa pamoja na wenyeji waliokimbia nyumba zao, na swali la dodoso kuhusu makazi ya kawaida ya mtu huishia kwenye wilaya. Kata zote mbili zilikuwa wilaya moja, kwa hiyo kila aliyelala pale alikuwa ameandikwa mkazi wa wilaya ile ile. Hakuna mashine iliyoweza kumtenga mvukaji na mwenyeji.

Desimali aliirudia barua ile mara mbili. Ilikuwa kweli tupu. Yeye mwenyewe angekuwa kwenye kiti chao angeandika vivyo hivyo.

Jioni mkewe, mshonaji, alimwona anausukuma wali pembeni mwa sahani.

"Leo namba zimekushinda?"

"Hazijanishinda. Zimewashinda wenyewe waliohesabiwa."

"Sasa si umwambie tu huyo mtoto?"

"Nitamwambia," alisema.

Mwanafunzi alifika kuchukua majibu akiwa na sare iliyofuliwa mpaka rangi imekata tamaa. Baba yake, alisema, alikuwa mfyatua matofali bondeni. Aliamkia, akakaa kwenye ncha ya kiti, akapokea karatasi kwa mikono miwili. Desimali alimtazama akishuka na kidole kwenye safu, kikasimama, kikarudi juu, kikashuka tena.

"Shikamoo tena, mzee," alisema kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. "Hii ndiyo kata yetu?"

"Ndiyo, mwanangu. Unakumbuka mlilala wapi mwaka wa mafuriko?"

"Ghalani. Ng'ambo."

"Basi ndipo mlipohesabiwa. Nimekuandikia hapa." Akamwonyesha barua aliyoiambatanisha juu ya majedwali, ukurasa mzima, imesainiwa na meneja, ikieleza hali ya usiku ule na kuonya kwamba tofauti ya sensa hizi mbili isisomwe kama watu kuhama. "Usizitenganishe hizi karatasi. Jedwali bila hii barua ni kisu."

"Sitazitenganisha."

Wala hakuzitenganisha. Aliandika mradi wake vizuri, akaeleza mafuriko, akachora piramidi ya umri kwa rangi mbili. Mwalimu wa jiografia alifurahi kiasi cha kumwomba ausome kwenye mkutano wa wazazi. Afisa elimu alikuwepo, amekaa meza ya mbele na chupa ya maji. Alimsikiliza mpaka mwisho, akampigia makofi, akaomba nakala. Mwalimu, kwa heshima ya mgeni, alikwenda mwenyewe kwenye mashine ya ofisi. Wino ulikuwa unaisha, akaona anakili lile lililo muhimu, yaani jedwali lenye muhuri.

Haya Desimali aliyasikia kwa binti mwenyewe, aliporudi ofisini muhula uliofuata. Safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni, na bomba likawa linadondosha maji nyuma yake.

"Wametuunganisha na shule ya ng'ambo," alisema. "Kwenye barua yao wameandika, 'kwa mujibu wa takwimu rasmi zilizowasilishwa na wanafunzi wenyewe.'"

Desimali aliweka kalamu chini.

"Watu wanasema mimi ndiye niliyepeleka. Mama anasema nisiwajibu. Baba hasemi kitu." Alishika fremu ya mlango. "Mzee, jedwali haliwezi kurudishwa? Niandike barua nyingine, niseme siliombi tena?"

"Halirudi, mwanangu. Likishatoka ni la kila mtu."

"Lakini wewe ulijua."

"Nilijua."

Binti hakumlaumu zaidi ya hapo, na hilo lilimuuma mzee kuliko kama angemtukana. Mzee alimwomba akae, binti hakukaa. Alishukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akaondoka.

Desimali alikwenda kwa meneja, wakaandika pamoja barua kwa ofisi ya elimu, wakaambatanisha yale maelezo yaliyoachwa. Ofisi ya elimu ikajibu kwamba imepokea, inashukuru kwa ushirikiano, na uamuzi umekwisha kupitishwa. Alipopiga simu, afisa elimu alikuwa muungwana kabisa.

"Mzee wangu, nakuelewa," alisema. "Sasa nipe wewe namba iliyo sahihi, niipeleke juu."

Desimali alishika simu, akatazama matofali ya jengo la ardhi. Namba hiyo haikuwepo popote duniani.

"Sina," alisema.

Jumamosi moja alichukua ruhusa ya moyo wake, kama asemavyo dereva, akaenda kwenye kata ile bila kutumwa. Alijiambia kwamba atahesabu. Si kwa ajili ya ofisi; alitaka tu kuiona kwa macho ile nusu aliyoiandika ng'ambo, ajue kwamba ipo, imerudi, inapika na kufua na kugombana, na kwamba lililokosea ni karatasi tu.

Akashuka bondeni. Nyumba ya kwanza ilikuwa na kuta bila paa. Ya pili majani yalikuwa yameota jikoni. Palikuwa na nyumba yenye watu, mwanamke anaanika nguo, kisha tatu tupu, kisha moja ambayo mlango wake ulikuwa umeng'olewa pamoja na bawaba zake. Alimkuta mfyatua matofali, baba wa yule binti, ameketi juu ya rundo la tofali mbichi ambalo mvua ilikuwa imeanza kulila.

"Majirani walirudi baada ya mafuriko?" Desimali aliuliza, baada ya salamu na kujitambulisha.

"Walirudi wengi. Mwaka wa kwanza tulirudi karibu wote." Mfyatua matofali hakuwa na kinyongo, alikuwa amechoka tu. "Halafu mmoja mmoja. Zahanati ilipokosa dawa, wengine wakaenda. Ilipoanza kusemwa kwamba shule itafungwa, wenye watoto wakaanza kufunga mizigo. Sasa imefungwa kweli. Mimi mwenyewe shemeji yangu kanitafutia chumba huko ng'ambo. Nani atafyatua tofali pasipojengwa?"

"Lakini mlikuwepo."

"Tulikuwepo, ndiyo."

Desimali alitazama bonde. Usiku ule wa sensa jedwali lilikuwa limesema habari isiyokuwepo, na tangu siku ile, nyumba baada ya nyumba, kata ilikuwa inalitii. Sensa ijayo watakuja makarani wengine, wenye vishikwambi, wataandika elfu tatu, pengine hata hazifiki, na itakuwa sahihi juu na chini. Mtu atachora mstari kutoka namba moja hadi nyingine, na mstari utanyooka vizuri.

"Binti hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Anaenda huko shuleni siku zisizo na mvua. Daraja si la kuaminika." Mfyatua matofali alifikicha udongo kiganjani. "Ule mradi alipata alama nyingi kuliko wote. Mwalimu aliubandika ukutani, kabla hawajahamisha madawati."

Desimali aliaga. Njiani kupanda alijikuta anahesabu milango yenye watu, kwa mazoea ya mkono usioweza kutulia. Alipofika karibu na barabara akaacha, akatembea akitazama chini.